Ukuzaji wa op-ampu ya hatua mbili: kutoka vipimo vya transista hadi desibeli

Op-ampu ya CMOS ya hatua mbili hujengwa kwa transista zisizozidi nane. Mbili za kwanza, M1 na M2, hupokea tofauti ndogo ya volti kati ya miguu miwili ya kuingilia. Juu yao hukaa M3 na M4, zinazounda kioo cha mkondo: mkondo unaopita M3 hurudufiwa na M4. Chini yao M5 hugawa mkondo mmoja kwa pande zote mbili. Ishara ikishakuzwa mara ya kwanza huingia kwenye geti la M6, ambayo ndiyo hatua ya pili, na M7 huipatia M6 mkondo wa kufanyia kazi. M8 huweka tu kiwango cha rejea cha M5 na M7. Katika mpangilio unaofuatwa hapa, M3, M4 na M6 ni za aina ya PMOS, na zilizobaki ni NMOS.

Ukuzaji wa jumla ni ukuzaji wa hatua ya kwanza kuzidishwa kwa ule wa hatua ya pili. Kila hatua nayo ina mambo mawili tu ya kuhesabu. La kwanza ni kiasi ambacho mkondo wa transista hubadilika volti ya geti inapobadilika. Wahandisi hukiandika gm. La pili ni ukinzani unaokutana na mkondo huo unapotoka. Mkondo mdogo ukipita kwenye ukinzani mkubwa huzaa volti kubwa, na huo ndio ukuzaji wenyewe.

```
gm = √(2 · K' · (W/L) · I)
A  = gm / ((λn + λp) · I)
```

W ni upana wa transista, L ni urefu wa mfereji ambamo mkondo hupita, na I ni mkondo wa kudumu unaopita hata kama hakuna ishara. Hizo ndizo namba zilizo mikononi mwa msanifu. K' na λ hutoka kiwandani. K' huonyesha wepesi wa transista kupitisha mkondo, na λ huonyesha jinsi mkondo huo unavyoongezeka kidogo volti ya dreni inapopanda. Transista kamilifu ingekuwa na λ ya sifuri na ukuzaji usio na mwisho. Haipo.

Chukua mfano wa teknolojia ya zamani kidogo, ambayo L ni mikromita 1. Tuseme K' ya NMOS ni mikroampea 100 kwa volti mraba, ya PMOS ni 40, λn ni 0.04 na λp ni 0.05. M5 inapitisha mikroampea 20, hivyo M1 inapata 10 na M2 inapata 10. Uwiano wa W/L wa M1 na M2 ni 10. Kwa namba hizo gm ya hatua ya kwanza inakuwa mikroampea 141 kwa volti. M2 na M4 hukutana kwenye nodi moja, na uvujaji wao wa pamoja ni 0.09 mara 10, yaani mikrosimensi 0.9, sawa na ukinzani wa takriban megaomu 1.1. Gawanya 141 kwa 0.9: hatua ya kwanza inakuza mara 157.

M6 inapewa mikroampea 100 na W/L ya 50. Kwake gm ni 632, uvujaji wa M6 na M7 ni mikrosimensi 9, na ukuzaji ni mara 70. Zidisha hatua mbili upate takriban mara 11,000, au desibeli 81 kasoro kidogo. Ishara ya mikrovolti 100 ingetokea upande wa pili ikiwa volti 1.1.

Msomaji anaweza kudhani kwamba mkondo ukiongezwa ukuzaji nao utapanda. Kinyume chake ndicho hutokea. Mkondo ukizidishwa mara nne, gm hupanda mara mbili tu kwa sababu mkondo umo ndani ya kipeuo cha pili, lakini ukinzani hupungua mara nne. Kila hatua hupoteza nusu, na kwa jumla ukuzaji hushuka kutoka 11,000 hadi 2,800 hivi. Anayetaka ukuzaji mkubwa hupunguza mkondo, ila njia hiyo nayo ina ukomo: mkondo ukiwa mdogo sana kwa ukubwa wa transista, fomula ya kipeo cha pili huacha kufaa, na gm hupungua sambamba na mkondo. Kuanzia hapo kuendelea kupunguza hakuongezi chochote isipokuwa uzito wa saketi katika kuitikia.

Njia yenye faida zaidi ni urefu. λ hupungua takriban kwa kadiri L inavyoongezeka. Ukizidisha W na L zote mara mbili, W/L haibadiliki, gm haibadiliki, lakini λ inakuwa nusu; ukuzaji unapanda mara nne, kufikia desibeli 93. Gharama yake ni eneo: kila geti huwa kubwa mara nne, na kapasitansi yake huongezeka vivyo hivyo. Ndiyo maana katika teknolojia mpya msanifu wa saketi za analogia mara nyingi hakubali kutumia L fupi kabisa inayoruhusiwa, hata kama wenzake wa dijitali wanaishangilia.

Hesabu yote hii inachukulia kwamba pato halijaunganishwa na kitu kinachonyonya mkondo. Ukinzani wa pato katika mfano huu ni kiloomu 111. Ukiunganisha mzigo wa kiloomu 10, ukinzani wa pamoja unabaki kiloomu 9 hivi, hatua ya pili inakuza chini ya mara 6, na jumla inaporomoka hadi 900. Saketi hii inafaa kuendesha kapasita na mageti ya transista nyingine ndani ya chipu ileile. Spika haiiwezi.

Kosa linalowasumbua wengi ni la uwiano. M6 na M7 zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo lazima zikubaliane mkondo mmoja. M4 ina W/L ya 5 na mikroampea 10, hivyo M6 yenye 50 itataka mikroampea 100. M5 ina W/L ya 4 na mikroampea 20, hivyo M7 inapaswa kuwa na 20. Ikiandikwa 25, M7 itataka mikroampea 125. Tofauti ya 25 ikigawanywa kwa mikrosimensi 9 ni volti 2.8, nayo kwenye chipu ya volti 3.3 inalivuta pato hadi chini kabisa. Hapo M7 haina tena volti ya kutosha ya kufanya kazi kama chanzo cha mkondo, na programu ya uigaji itaonyesha ukuzaji mdogo ajabu ingawa fomula inasema 11,000. Dalili huonekana kabla ya kuchora mkunjo wowote: volti ya pato ya mwanzo iko karibu sana na sifuri. Dawa ni kurekebisha uwiano, na kupima ukuzaji saketi ikiwa imefungwa mrejesho wa kuliweka pato katikati. Katika hali hiyo hata M7 ile iliyokosewa ingedai sahihisho la robo milivolti tu upande wa kuingilia, kwa kuwa volti 2.8 hugawanywa kwa 11,000.