Chenga za mkaa zinazoivisha maharage

Nyuma ya kibanda cha muuza mkaa huko Tandika, Dar es Salaam, chenga zilikuwa zikifagiliwa na kutupwa mtaroni. Siku hizi mama mmoja wa watoto watatu huzinunua, kilo 10 kwa shilingi 2,000, na kutengeneza mkaa mbadala.

Mara ya kwanza alipata hasara. Chenga zilikuwa na mchanga, mkaa ukaacha majivu mengi na wateja wakaurudisha. Sasa huzimwaga kwanza kwenye ndoo ya maji: mkaa huelea, mchanga huzama. Akishazikausha, huzitwanga na kuzichekecha.

Kilo 10 za unga huo huhitaji gramu 700 hivi za unga wa muhogo, uliopikwa uji mzito. Uji ukiwa kidogo, mkaa humeguka. Ukizidi, hutoa moshi. Kipimo chake ni kiganja: akifinya donge, lisivunjike wala lisichuruzike maji. Mashine hana. Hushindilia kwa mti ndani ya kipande cha bomba la plastiki cha inchi mbili, kisha husukuma kitoke.

Anika kivulini siku ya kwanza, kwa sababu jua kali hukausha nje upesi na kupasua. Baada ya hapo ni juani siku tatu hadi tano, na usiku vinaingizwa ndani. Masika huchukua zaidi ya wiki. Vunja kimoja: katikati kukiwa cheusi zaidi na baridi, bado.

Hesabu yake ni hii: chenga 2,000, unga wa muhogo 1,400, moto na maji 600, jumla shilingi 4,000. Kilo moja hivi huvunjika. Tisa zilizobaki, kwa shilingi 800 kila moja, humpa 7,200. Hiyo 3,200 ya juu ndiyo ujira wake, si faida tupu.

Kuuza kulikuwa kugumu kuliko kutengeneza. Mkaa huu huchelewa kushika, na anayewahi chai ya watoto asubuhi hukata tamaa. Kwa hiyo haanzi na chai. Humpa jirani vipande vichache siku ya maharage, amwelekeze kuwasha kwa mkaa wa kawaida kidogo, kupanga mbadala juu, na kutochokoachokoa, maana ukichokolewa humeguka na moto hushuka. Jirani akiona sufuria imeiva bila kuongeza mkaa, hurudi mwenyewe. Huuza kwa kilo, kwa sababu mbadala ni mzito na kwa kopo angejipunja.

Jambo moja humwambia kila mnunuzi: kutokuwa na moshi si kutokuwa na sumu. Jiko hili nalo hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyonusika, inayoua waliolala. Lipikiwe penye hewa, na lisiingizwe chumbani kuwapasha watoto joto.