Kibaba cha bibi kwa Kiingereza

Mjukuu aliye Uingereza anataka mapishi ya mkate wa kumimina, na kilichopo ni picha ya karatasi ya bibi yake wa Unguja. Kabla ya kutafsiri, nakili kila mstari ulivyo, bila kusahihisha.

“Mchele kibaba 1” inasomeka wazi. Kibaba ni robo ya pishi, takriban gramu 700 za mchele. Neno kibaba libaki, gramu zifuate ndani ya mabano ya mraba, msomaji ajue kuwa ni zako, si za bibi.

“Sukari konzi 4” ni ngumu zaidi, maana konzi hufuata mkono. Mwombe bibi, au ndugu mwenye mkono kama wake, ateke mara kadhaa juu ya mizani. Kisha andika kiasi cha chini na cha juu, tuseme [gramu 160 hadi 220?].

Kwenye hamira, doa la mafuta limeacha “kijiko cha ch…”. Chai au chakula? Cha chakula ni mara tatu ya cha chai, na hamira ikizidi, rojo hufurika na mkate hunuka uchachu. Mimi ningeandika [cha chai?] na kueleza sababu chini. Mstari uliofutika kabisa uandikwe [haisomeki], usijazwe kwa mapishi ya mtu mwingine.