Shule ikishakuwa shuleni

"Shuleni yetu kuna maktaba mpya." Walimu wa Kiswahili wameisahihisha sentensi ya namna hii mpaka mikono imezoea: mstari mwekundu chini ya "yetu", na juu yake "kwetu". Mwanafunzi ana haki ya kuuliza. Tunasema shule yetu, shule hii, shule imefungwa. Kilichoongezeka ni silabi moja tu mwishoni. Kwa nini neno lililokuwa sahihi jana liwe kosa leo?

Wengi hufundishwa kwamba -ni maana yake ni "katika", wakaachiwa hapo. Maelezo hayo yanasaidia kuelewa, lakini hayasaidii kutunga sentensi, kwa sababu yanaficha kazi kubwa zaidi ya kiambishi hiki. Shule ni kitu: ina majengo, ina jina, hufunguliwa na kufungwa. Shuleni ni mahali. Na mahali katika Kiswahili pana ngeli zake tatu, PA, KU na MU, ambazo wataalamu wa lugha za Kibantu huzihesabu kuwa za 16, 17 na 18. Nomino ikipata -ni ni kama mtu aliyehamia mtaa mwingine: jina ni lile lile, ila mjumbe anayemwandikia barua ni mwingine.

Uhamisho huu unaonekana wazi zaidi katika wingi. Kijiji, vijiji, kijijini, vijijini. Kiambishi vi- kimebaki palepale mwanzoni, kila mtu anakiona, na bado hatusemi "vijijini vyetu" bali vijijini kwetu. Kile vi- kinatuambia tu kwamba vijiji ni vingi. Upatanisho umeshakwenda kwa mahali.

Sasa, ngeli tatu za nini? Twende kwa mama aliyeko sokoni, anaongea kwa simu na mwanawe aliyebaki nyumbani akitafuta ufunguo.

"Angalia mezani, mwanangu."

"Haupo, mama."

"Basi umo. Vuta mtoto wa meza."

Meza ni ile ile moja, na neno "mezani" halikuguswa. Kilichobadilika ni -po na -mo. Mtoto alisema haupo kwa sababu alitazama juu ya meza, sehemu mahususi ambayo jicho linaweza kuifikia na kuimaliza. Mama aliposema umo, hakuhitaji kutaja ndani: -mo imeshasema. Na kama mama angekuwa hana uhakika, angesema "uko hukohuko mezani, tafuta", yaani upande ule, eneo lile, bila kuahidi ni wapi hasa. PA ni mahali mahususi panapooneshwa, KU ni eneo au upande usio na mpaka dhahiri, MU ni ndani. Kwa hiyo mezani pana vitabu, ukisema hivyo msikilizaji anaona vitabu juu ya ubao. Mezani mna kisu, anafikiria droo. Mlangoni pangu, chumbani mwangu, shambani kwangu. Hapa, huku, humu. Pale, kule, mle. Hata anayejua mji husema "napajua Tanga" akiwa na maana ya Tanga kama mahali.

Hapa ndipo -ni inapoonesha unyenyekevu wake. Yenyewe haisemi ni ndani, ni juu, ni karibu wala ni mbali. Inasema tu kwamba hiki sasa ni mahali, kisha inawaachia PA, KU na MU wakate shauri. Haisemi hata mwendo. Baba ametoka shambani, baba yuko shambani, baba anakwenda shambani: mahali hapajabadilika umbo katika sentensi zote tatu, ingawa mara ya kwanza shamba ni chanzo cha safari, mara ya tatu ni mwisho wake. Kazi ya mwelekeo imebebwa na kitenzi. Ndiyo maana "ametoka shambani" inatosha, na "ametoka kutoka shambani" inachosha. Na ndiyo maana herufi chache ndani ya kitenzi zinaweza kugeuza hadithi nzima. Mwizi aliyekimbia msituni anaweza kuwa alikuwa msituni wakati anakimbia. Mwizi aliyekimbilia msituni alikuwa kwingine, na msitu ndio alioutazamia kujificha. Mwandishi wa habari za mahakamani asiyetofautisha hayo mawili anaweza kumweka mtuhumiwa mahali ambapo hakuwapo.

Kuna jambo moja kuhusu ngeli hizi ambalo kwa maoni yangu ndilo tamu kuliko yote, nalo halipewi nafasi vitabuni. Mahali panaweza kuwa kiima. Linganisha: "Mtu amesimama mlangoni" na "Mlangoni pamesimama mtu." Tukio ni lile lile. Lakini katika sentensi ya pili kitenzi hakimfuati mtu, kinaufuata mlango uliogeuka mahali. Pa- ya pamesimama ni ya mlangoni. Matokeo yake ni kwamba macho ya msikilizaji yanafika mlangoni kwanza, halafu ndipo mtu anajitokeza. Sentensi ya kwanza hujibu mtu yuko wapi. Ya pili hujibu kuna nini pale.

Watangazaji wa mpira wanalijua hili bila kufundishwa. Wakitaka kuongeza joto husema uwanjani kumeingia mchezaji mpya, na ku- hiyo inatuwekea uwanja mzima mbele ya macho kabla ya kumtaja aliyeingia. Kadhalika wasimulizi. Anayeanza ngano husema paukwa, hadhira ikamjibu pakawa, na kila upande umeanza na pa-. Kisha inafuata "hapo zamani palikuwa na mzee mmoja". Mzee bado hatujamfahamu, hawezi kuibeba sentensi; mahali panambeba mpaka atambulishwe. Akishatambulishwa, kitenzi kinamgeukia yeye: mzee huyo alikuwa na watoto saba. Jaribu kuanza ngano na "mzee mmoja alikuwapo" uone inavyokwama.

Ngeli ya KU imekwenda mbali zaidi, hata pasipo mahali pa kutaja. Kumekucha. Kuna baridi. Kulikuwa kimya. Ni mazingira yote kwa pamoja yaliyofanywa kiima, na hakuna anayeuliza ni wapi hasa.

-ni ina mipaka yake. Haikai kwenye majina ya watu wala ya viumbe hai kwa kawaida; hatuendi "mamani", tunaenda kwa mama. Haihitajiki kwenye majina ya miji na nchi, kwani hayo ni mahali tayari: tunakwenda Kenya, tunatoka Mombasa, na Mombasa kuna joto. Majina kama Forodhani na Darajani kule Unguja, au Kigamboni na Magomeni jijini Dar es Salaam, yamekuja na -ni yake tangu mwanzo, hayaongezwi nyingine.

Mpaka unaosumbua waandishi ni mwingine. Sema una chumba kikubwa chenye madirisha mawili, na unataka kueleza kwamba mgeni analala humo. "Chumbani kikubwa" haiwezekani, kwa sababu ki- inakifuata chumba ambacho kimeshahama. "Chumbani mkubwa" inamfanya msomaji atafute ni nani aliye mkubwa. Huwezi pia kuisogeza -ni mpaka mwisho wa fungu ukasema "chumba kikubwani". Nomino yenye -ni inapokea kwa raha vimilikishi, vioneshi na mwenye mali: chumbani mwangu, chumbani humu, chumbani mwa mtoto. Sifa za kitu chenyewe, ukubwa wake, upya wake, rangi yake, haizipokei, maana sifa hizo ni za kitu na kitu hakipo tena. Hapo ndipo "katika" na "kwenye" zinapopata kazi: mgeni amelala katika chumba kikubwa chenye madirisha mawili. Chumba kinabaki kitu, kinavaa sifa zake zote, na mahali panaelezwa na neno la mbele.

Kwa hiyo njia ni mbili, na ukichagua moja ya pili inaacha kazi. "Katika shuleni" na "kwenye nyumbani" ni kosa la kutumia zote mbili kwa mpigo. Likikutatiza, liondoe "katika" usome tena. Ikiwa sentensi imesimama, lilikuwa la ziada.

Katika mazungumzo ya kila siku, KU inawameza wenzake. Wengi husema chumbani kuna giza pale ambapo wazee wa pwani wangesema chumbani mna giza, na MU ndiyo inayopoteza zaidi. Nadhani sababu mojawapo ni mgongano. "Mna" ni pia ninyi mna. "Mmelala" ya chumbani mmelala mgeni inasikika kama ninyi mmelala. Msemaji anayetaka kueleweka haraka hukimbilia kuna, kumelala, ambazo hazigombani na mtu. PA inajitetea vizuri zaidi kwa kuwa ina neno lake mwenyewe, mahali, ambalo lina asili ya Kiarabu lakini linatuamuru tuseme mahali pazuri, mahali hapa, mahali pangu.

Nje ya pwani mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Nairobi utasikia "weka kwa meza" na "niko kwa nyumba", ambapo "kwa" imechukua kazi ya -ni, ingawa Kiswahili sanifu huiacha "kwa" hiyo kwa watu: kwa mama, kwa daktari, kwa jirani. Lubumbashi, katika Kiswahili cha Kongo, mtu yuko "mu nyumba" na anaenda "ku soko". Msikilizaji wa Tanga anaweza kudhani hiyo ni lugha iliyoharibika. Lakini mu na ku zinazotangulia nomino ndio mpango wa lugha nyingi za Kibantu: Mnyarwanda husema mu nzu, Mganda mu nnyumba. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoacha kuziweka mbele ya nomino, kikaweka -ni nyuma, kama Wakikuyu wenye -inĩ yao na Wazulu ambao kwao nyumba, indlu, ikiwa mahali huwa endlini. Viambishi vya mbele havikupotea, vilihamia kwenye maneno yanayofuata: nyumbani kwangu, nyumbani mwangu, nyumbani pangu. Mtu wa Lubumbashi huzitamka mapema, mtu wa Tanga huzichelewesha kwa neno moja.