Intere inapozaa intere

Juma lililopita mama mmoja anayeuza mafuta ya mawese hapa Butembo alitufikia na karatasi mkononi. Mafuta ananunua upande wa Beni, huku anayauza kwa bidoni na kwa chupa. Kapitali yake ilipungua alipolipa minervali ya watoto, na mtu mmoja wa sokoni alikubali kumkopesha dola 100 kwa intere ya 10 kwa mia kila mwezi. Alikuwa hajatia sahihi bado. Hesabu yake ilikuwa hii: dola 10 kwa mwezi, miezi 6, basi 60, nitarudisha 160.

Tukasoma karatasi pamoja naye. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: intere isiyolipwa itaingia ndani ya deni. Hiyo ndiyo riba juu ya riba.

Tukaketi na kalamu. Mwezi wa kwanza intere ni dola 10. Asipolipa kitu, deni linakuwa 110. Mwezi wa pili intere haihesabiwi tena juu ya zile 100 alizopokea, inahesabiwa juu ya 110. Ni dola 11, na deni linafika 121. Mwezi wa tatu ni 133 na senti 10. Hapo ndipo wengi wetu tunadanganyika, maana dola moja au tatu za kuzidi hazimshtui mtu anayeshika pesa kila siku. Lakini mwisho wa mwezi wa 6 deni ni 177, si 160. Mwaka ukitimia ni karibu 314, hali hesabu yake ya kwanza ingempa 220. Na hakuongezewa hata franga moja juu ya zile dola 100.

Kuna njia fupi ya kupima jambo hili mbele ya mkopeshaji. Gawanya 72 kwa intere ya mwezi. 72 kwa 10 ni 7 na kidogo: deni lisiloguswa litakuwa mara mbili kwa miezi 7 na kidogo. Kwa intere ya 5 ni miezi 14 hivi. Hesabu hiyo si kamili, lakini inatosha.

«Mimi nitalipa kila mwezi,» mama akasema. Ni kweli kwamba ukilipa intere yote, dola 10 kamili, riba juu ya riba haipati pa kuanzia; deni linabaki 100. Shida ni kulipa nusunusu. Tuseme barabara ya Beni imekuwa na usalama mdogo, mafuta yamekawia, na analipa dola 4 tu. Zile 6 zilizobaki zinapanda juu ya deni, na mwezi unaofuata intere inahesabiwa juu ya 106. Akiendelea hivyo miezi 6, atakuwa ametoa dola 24 na bado anadaiwa 146. Mtu analipa kila mwezi na deni linanenepa! Utalijua kwa kuangalia daftari: ukilipa, na deni lililoandikwa leo ni kubwa kuliko la mwezi uliopita, intere imeanza kuzaa. Tusisahau pia kwamba yeye anauza kwa franga na anadaiwa kwa dola. Dola ikipanda, zile 10 zinaomba mafuta mengi zaidi.

Njia ya kumaliza ni kupunguza deni lenyewe. Akitoa dola 20 kila mwezi pamoja na intere ya deni linalobaki, atalipa 30, kisha 28, 26, 24, na 22. Miezi 5 imekwisha, intere yote ni dola 30. Ila tulipomwomba ahesabu faida yake, akaondoa usafiri, taksi ya soko na chakula cha nyumbani, zilibaki dola 20 hivi kwa mwezi. Malipo ya 30 hayakuingia humo.

Katika AVEC yake ana akiba ya dola 20. Kikundi kile kinakopesha hadi mara tatu ya akiba, ndiyo 60, kwa intere hiyohiyo ya 10. Akirudisha 12 na intere, malipo ya kwanza ni 18. Na intere hiyo inaingia katika sanduku la kufuli tatu, inakopeshwa tena kwa mwingine, inaleta intere yake, hadi siku ya kugawana. Kumbe kule riba juu ya riba inafanya kazi upande wa wamama wenye sanduku.

Karatasi ya dola 100 aliirudisha bila sahihi. Siku ya kikao ataomba zile 60, lakini kabla ya kufuli kufunguliwa atauliza kwanza: nikikosa mwezi mmoja, intere yake itaandikwa wapi?