Kuonyesha Kazi ya Usanifu na Matokeo Yake Bila Kutia Chumvi

Maelezo ya mradi katika potifolio ya msanifu michoro wa kujitegemea ni taarifa fupi inayojibu maswali manne: tatizo la mteja lilikuwa nini, msanifu alifanya sehemu ipi ya kazi, kazi iliyokamilika ikoje, na ilileta badiliko gani. Maswali matatu ya kwanza hujibika kwa picha na maneno machache. La nne ndilo gumu, kwa sababu badiliko la biashara huwa na sababu nyingi, na lebo mpya ni mojawapo tu. Ugumu huo huonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya.

Mjasiriamali wa Morogoro husaga viungo vya pilau na viungo vya chai, huvifunga katika vipakti vya gramu 50 na kuvisambaza katika maduka 10. Unga wa aina zote mbili ni wa kahawia, na lebo zake zinafanana kila kitu isipokuwa neno moja dogo chini ya nembo. Wanunuzi hubeba pakiti isiyo yao, kisha huirudisha. Msanifu anaombwa atengeneze lebo mpya.

Tatizo likielezwa hivyo, limekwisha kuonyesha pia kipimo kinachofaa. Lebo ilibadilishwa ili watu wasichanganye bidhaa. Kwa hiyo tokeo la kwanza la kuangaliwa ni idadi ya pakiti zilizorudishwa kwa kukosewa. Mauzo yanafuata nyuma, kwa kuwa yanategemea pia bei, msimu na idadi ya maduka. Lakini kipimo hicho hakina faida kama hesabu ya hali ya zamani haipo. Ndiyo maana msanifu makini humwomba mteja takwimu wakati wa kukubaliana bei, kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Katika mfano huu mjasiriamali alikuwa na daftari la marejesho: pakiti 18 zilirudishwa katika miezi mitatu kabla ya lebo mpya. Daftari likianzishwa baada ya kazi kukamilika, hakuna cha kulinganisha nacho, na kumbukumbu ya mteja kwamba zamani zilirudishwa nyingi haiwezi kuchukua nafasi ya hesabu.

Sehemu ya kazi yenyewe huelezwa kwa uamuzi na sababu yake. Hapa msanifu alikipa kila kiungo rangi yake, akaandika PILAU na CHAI kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka upande wa pili wa kaunta, na akaweka uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi mahali pamoja katika lebo zote mbili. Kama nembo ilichorwa na mtu mwingine miaka ya nyuma, au picha zilipigwa na mpiga picha, hilo hutajwa. Neno "nilisanifu" likiachwa peke yake hubeba kila kinachoonekana kwenye pakiti, na mteja mpya anaweza kuagiza kazi ambayo msanifu huyo hajawahi kuifanya.

Picha nazo zina ukweli wake. Pakiti iliyotengenezwa kwa kompyuta huwa na mwanga mzuri na rangi kali, ilhali wino wa mchapaji hauwezi kutoa baadhi ya rangi zinazong'aa kwenye skrini, hasa kijani na rangi ya chungwa. Msanifu akionyesha picha ya kompyuta peke yake, msomaji hajui kama lebo iliwahi kuchapwa. Picha ya pakiti halisi ikiwa juu ya rafu ya duka huondoa shaka hiyo. Ya kompyuta inaweza kubaki pembeni yake, mradi imeandikwa kuwa ni ya kompyuta.

Baada ya hapo huja matokeo. Katika miezi mitatu kabla ya lebo mpya ziliuzwa pakiti 400. Katika miezi mitatu iliyofuata ziliuzwa 630. Ongezeko ni pakiti 230, zaidi ya nusu ya mauzo ya awali, na kishawishi cha kuandika kwamba lebo mpya ilipandisha mauzo kwa asilimia 57.5 ni kikubwa. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini sababu iliyotajwa si sahihi. Daftari la usambazaji linaonyesha kwamba katika kipindi cha pili maduka yaliongezeka kutoka 10 hadi 14, na yale manne mapya yaliuza pakiti 200. Maduka 10 ya zamani yaliuza 430. Katika maduka ambayo hayakubadilika, basi, ongezeko ni pakiti 30, yaani asilimia 7.5.

Hata hizo 30 bado zina swali. Kipindi cha pili kilikuwa na mwezi wa Ramadhani na sikukuu ya Idi, wakati pilau hupikwa kwa wingi. Kulinganisha na miezi ileile ya mwaka uliotangulia hakutoshi, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladia kwa siku kama 11, na Ramadhani huja mapema zaidi katika kalenda kila mwaka. Ulinganisho wa haki ni wa Ramadhani kwa Ramadhani, katika maduka yaleyale. Kama takwimu za Ramadhani iliyopita hazipo, ongezeko hilo haliwezi kuhesabiwa kuwa la lebo.

Marejesho yana hali tofauti. Katika maduka 10 ya zamani, pakiti zilizorudishwa zilishuka kutoka 18 hadi 3, ingawa mauzo yalipanda kidogo. Kuongezeka kwa maduka hakuhusiki, kwa sababu yale mapya hayamo katika hesabu hii. Ramadhani haielekei kuwafanya watu wasome lebo kwa makini zaidi. Wingi wa wanunuzi ungetarajiwa kuongeza makosa. Hapa msanifu anaweza kusimama kwa uhakika, na maelezo yake yanaweza kuwa hivi:

"Katika maduka 10 yaliyokuwa yakiuza bidhaa hizi tangu awali, pakiti zilizorudishwa kwa kuchanganywa zilikuwa 18 kati ya 400 katika miezi mitatu kabla ya lebo mpya, na 3 kati ya 430 katika miezi mitatu iliyofuata. Hesabu ni ya daftari la mteja. Mauzo pia yalipanda, lakini katika kipindi hicho maduka mapya manne yaliongezwa na Ramadhani iliingia, hivyo ongezeko hilo halihesabiwi kuwa la lebo."

Sentensi hizo zinataja kilichopimwa, muda, aliyepima na kilichobadilika pembeni. Idadi kamili zimetumika badala ya asilimia, kwa sababu kushuka kutoka 18 hadi 3 kukiandikwa "asilimia 83" huficha kwamba pakiti zenyewe ni chache.

Takwimu za mauzo ni mali ya mteja, kwa hiyo huchapishwa kwa idhini yake, ikiwezekana ya maandishi. Akikataa mauzo yake yasijulikane, marejesho 18 na 3 yanaweza kutajwa peke yake kama ameyaruhusu. Akikataa yote, au kama hakuna kilichohesabiwa, msanifu hueleza tatizo, uamuzi na kazi iliyochapwa, kisha anaandika wazi kwamba matokeo hayakupimwa au hayatangazwi. Na takwimu zikipatikana baadaye, kwa mfano baada ya Ramadhani nyingine kupita, huongezwa chini ya maelezo ya awali pamoja na tarehe yake, bila kufuta yaliyoandikwa mwanzo.