Mapishi ya nyumbani yanapovuka lugha: "Unga kwa karanga" si unga

Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, zabibu ni tunda la shambani. Mizabibu ipo, kituo cha utafiti wa zabibu kipo, na mavuno hupatikana mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mama wa hapa akisoma kwenye mapishi yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza kwamba keki inataka gramu 150 za zabibu, atachuma kishada, atakiosha na kuzitia punje kwenye unga. Keki itaiva pembeni, lakini katikati itabaki mbichi na kubonyea.

Kosa si la mpishi. Kiingereza kina neno moja la zabibu mbichi na jingine kabisa la zabibu kavu, na mapishi ya keki karibu yote hutaka kavu. Kiswahili hutumia neno moja kwa zote mbili. Sehemu kubwa ya zabibu mbichi ni maji, kama gramu 80 katika kila gramu 100. Hivyo gramu 150 huingiza kwenye keki maji karibu nusu kikombe ambayo hakuna aliyeyapangia. Neno "kavu" tu lingeiokoa keki hiyo. Na mwenye kutaka kukausha za kwake ajue kwamba kilo 4 hivi za mbichi hutoa kilo 1 ya kavu, kwa hiyo keki hiyo ingehitaji kuanza na gramu 600 au zaidi.

Safari ya kurudi ni ngumu zaidi. Familia nyingi sasa zina binti au mjukuu anayeishi ughaibuni, na siku moja huandika akitaka kujua mlenda wa nyumbani unapikwaje, pengine ili mumewe au wanawe wasiojua Kiswahili nao waweze kuupika. Mama humjibu kama anavyopika: "Chukua mlenda mkavu fungu moja, magadi kidogo, pekecha vizuri, kisha unga kwa karanga." Kwa aliyekulia jikoni hapo, maelezo hayo yanatosha. Kwa mfasiri, kila kipande kina mtego wake.

Mtego wa kwanza ni "unga". Asiyeijua lugha vizuri hufungua kamusi, akakuta nafaka iliyosagwa, na tafsiri ikasema atie unga pamoja na karanga. Akigundua kwamba ni kitendo, kamusi humwambia ni kuunganisha. Kumbe kuunga mboga ni kuitia kitu cha kuikoleza na kuipa uzito, kama karanga zilizosagwa, tui au maziwa, wakati imekwisha kuiva. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kazi hiyo. Mfasiri aandike kitendo chenyewe: "Mboga ikiiva, koroga karanga zilizosagwa kwa maji ya uvuguvugu hadi ziwe uji mwepesi, mimina, punguza moto, endelea kukoroga kwa dakika 5 zisishike chini."

"Pekecha" nayo ina shida ya namna hiyo. Neno la Kiingereza linaloikaribia humfanya msomaji wa huko achukue mashine ya umeme ya kupigia mayai. Mashine huujaza mlenda hewa, ukawa povu. Kupekecha ni kusimamisha kijiti chenye ncha zilizotawanyika ndani ya chungu na kukizungusha kwa viganja viwili, mbele na nyuma, ili majani yaachane na ute uenee. Asiye na kijiti atumie uma au mchapo wa mkono, bila haraka. Alama ya kuacha nayo iandikwe: ukiinua mwiko, mlenda uvutike kama uzi kabla ya kukatika.

Magadi ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa hapa kosa linaweza kumdhuru mlaji. Mama anayoyasema ni mawe ya chumvi ya ardhini. Huloweka kipande, akaacha takataka zitulie, akatumia maji ya juu. Kazi yake ni kulainisha majani upesi. Tafsiri ya neno kwa neno inaweza kumpeleka msomaji kwenye magadi ya kufulia nguo, ambayo ni makali na si chakula. Pia anaweza kununua poda ya kuumulia keki, ambayo ndani yake ina asidi, ikatoa povu na kuua nguvu ya magadi yenyewe. Anachotakiwa kununua ni soda ya kuokea, ile isiyochanganywa na kitu. Kwa nusu lita ya maji, aanze na moja ya nane ya kijiko cha chai. Ikizidi, mboga huacha ladha ya sabuni na uchungu mdomoni, na hapo hakuna cha kuirekebisha.

Vipimo huja baada ya hapo. "Fungu" la sokoni halina ukubwa mmoja, hubadilika kwa muuzaji na kwa msimu. Hakuna kamusi itakayosaidia. Dawa ni mama kupika mara moja huku akipima. Asiye na mizani atumie chupa ya maji ya nusu lita. Tuseme kikombe chake cha bati, kikijazwa kutoka kwenye chupa hiyo, kinachukua mililita 300. Kikombe cha vipimo cha Marekani huchukua 240 hivi. Mama akisema vikombe viwili, binti akatumia cha huko, atapungukiwa mililita 120, na mlenda utakuwa mzito kama gundi. Tafsiri iseme mililita 600, basi. Mlenda wenyewe, kwa kuwa ni majani yaliyokaushwa na kutwangwa, upimwe kwa kijiko cha chakula kilichosawazishwa juu, si kilichorundikwa.

Linabaki jina. Mlenda si mmea mmoja. Ni mboga ya majani yenye ute, na majani hayo hutofautiana mahali na mahali. Lipo moja ambalo Wamisri hulila kwa jina la mulukhiya, nalo hupatikana likiwa kavu au la barafu kwenye maduka ya Waarabu katika miji mingi ya Ulaya na Marekani. Hilo ndilo mbadala wa karibu. Hata hivyo, kama nyumbani walitumia majani ya jamii ya ufuta pori, ladha haitakuwa ileile, na mfasiri aseme hivyo waziwazi. Jina "mlenda" libaki lilivyo, likifuatwa na sentensi moja ya maelezo.

Ugali wa kulia mlenda huo pia una mtego. Kiingereza cha kawaida huziita uwele na ulezi kwa jina moja, na kamusi za zamani huuingiza hata mtama. Binti akinunua kwa jina hilo tu, anaweza kurudi na unga wa ulezi, wa kahawia iliyokolea, akasonga kitu ambacho nyumbani ni cha uji. Tafsiri imwelekeze duka la Wahindi aulize unga wa bajra. Huo ndio uwele.

Kabla tafsiri haijatumwa, apewe kuisoma mtu ambaye hajawahi kula mlenda. Aisome akiwa jikoni, na kila anaposimama kuuliza "kiasi gani?" au "nitajuaje imeiva?", hapo pameachwa kitu ambacho mkono wa mama ulikijua bila kukitamka.