Fahamu: Kugeuza Mazungumzo ya Nathari Kuwa Ujumbe wa Simu

Maana yake

Ni kuyatoa maneno ya wasemaji katika masimulizi na kuyapanga mstari kwa mstari, kila mstari ukitanguliwa na saa na jina la mwenye kuutuma, pasipo kuongeza habari ambayo msimulizi hakuitaja.

Mfano

Tuseme imeandikwa hivi: “Saa mbili na robo usiku Mwanaidi alimwuliza kaka yake Salimu kama dawa ya mama imepatikana, naye, baada ya kimya cha dakika kumi, akajibu kwa huzuni kwamba duka limefungwa, na kwamba angeipata kesho yake.”

[20:15] Mwanaidi: Kaka, dawa ya mama imepatikana?
[20:25] Salimu: Duka limefungwa. Nitaipata kesho.

Kilichobadilika

Kauli ya taarifa imerudi kuwa kauli halisi, hata “angeipata kesho yake” ikawa “nitaipata kesho”. Kimya kimehifadhiwa na tofauti ya saa. Bali huzuni, ambayo ilikuwa maelezo ya msimulizi, haikupata mahali, na kuitia kinywani mwa Salimu kungekuwa kumzulia.

Hadhari ya saa

Saa ya Kiswahili hutofautiana na ya simu kwa saa sita, hivyo saa mbili usiku ni 20:00, wala si 02:00. Aidha, ipitapo saa sita usiku, tarehe ya simu hubadilika. Basi jibu la saa saba usiku huandikwa 01:00 chini ya tarehe mpya. Ikiwa majibu yatangulia maswali, dhahiri saa zimekosewa.